Jinsi ya kuchapa matangazo yaliyopandana kwenye picha ya ubao wa ofisi ya kata

Mtu akipiga picha ubao wa matangazo na kuituma kwenye simu, wenzake huomba maandishi yake yachapwe ili wayasome vizuri na kuandaa maombi yao. Neno lisilosomeka halina madhara makubwa, kwa sababu kila mtu anaona kwamba halisomeki. Cha kuogopa ni sentensi inayosomeka vizuri kabisa, kumbe nusu yake imetoka kwenye karatasi nyingine.

Tuchukue picha ya mfano yenye karatasi tatu. Ya chini kabisa ni tangazo la kazi ya Mtendaji wa Kijiji Daraja la III. Upande wake wa kulia, kuanzia katikati kwenda chini, umefunikwa na tangazo la mkutano mkuu wa kijiji. Kona ya juu kushoto imekaliwa na kikaratasi cha chanjo ya watoto.

Usianze na maneno, anza na kingo. Kuza picha na ufuate ukingo wa kila karatasi kwa kidole. Pale zinapokutana, karatasi ambayo herufi zake ni nzima na ina nafasi nyeupe pembeni ndiyo iliyo juu. Ile ambayo herufi zake zimekatwa katikati iko chini. Kivuli chembamba kwenye ukingo husaidia pia, ila picha ikipigwa kwa mwanga wa tochi kinaweza kuonekana upande usiotarajiwa. Zipe karatasi herufi: kazi iwe A, mkutano B, chanjo C.

Sasa chapa zilizo juu kwanza, yaani B na C, kila moja hadi mwisho wake. Ukizimaliza unakuwa unajua kila neno lililo lao, na ukirudi kwenye A hutayachukua kwa bahati mbaya. Ni vizuri kutengeneza nakala ya picha na kuikata ibaki karatasi moja tu unapoichapa.

Mtego uko kwenye mstari wa mwisho wa A. Jicho linasoma moja kwa moja: “Mwisho wa kupokea maombi ni tarehe 14 Machi, saa 4:00 asubuhi.” Inaleta maana, lakini si kweli. Maneno ya A yanakoma kwenye “tarehe”. Yanayofuata ni ya B, ambako mstari wa juu yake unasema mkutano utafanyika Jumamosi. Ukiangalia vizuri utaona herufi za B ni kubwa kidogo na mstari wake umeinama, kwa sababu karatasi ilibandikwa upande. Mwombaji akiamini sentensi ile anaweza kuchelewa, au kukata tamaa wakati muda bado upo.

A ichapwe hivi:

```
TANGAZO A: NAFASI ZA KAZI
(liko chini ya B na C)
[imefichwa na C: mwanzo wa mstari] Na. [namba haisomeki, ukungu]
MTENDAJI WA KIJIJI DARAJA LA III
Awe na elimu ya kidato cha N[imefichwa na B]
Umri usiozidi miaka 4[imefichwa na B]
Mwisho wa kupokea maombi ni tarehe [imefichwa na B]
```

Tenganisha sababu. “Imefichwa” maana yake maandishi yapo nyuma ya karatasi nyingine na mtu akiinua ile ya juu atayasoma. “Ukungu” maana yake hakuna kilichofunika, kosa ni la picha, na picha mpya itatosha. Pakiwa pamechanika au picha imekata ukingo wa ubao, sema hivyo hivyo.

Tazama “N” na “4”. Kidato kinachoanza na N ni cha Nne tu, kwa hiyo unaweza kuongeza chini ya tangazo: “huenda ni Nne”. Ndani ya maandishi yenyewe usiiingize. Ile 4 ni kesi nyingine: inaweza kuwa 40, inaweza kuwa 45, na kwa mtu wa miaka 43 tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama aombe au asiombe. Hata kama umeshaona matangazo mengi yanayosema 45, hilo si tangazo hili.

Kuhusu urefu wa kilichofichwa, linganisha na mistari mizima ya A. Ikiwa mstari mzima una maneno kumi na wewe unaona sita, andika “maneno kama 4”. Lakini mstari wa mwisho wa aya unaweza kuwa ulikwisha kabla ya kufika ukingoni, kwa hiyo hapo andika tu “huenda kuna maneno”.

Ukimaliza, orodhesha mapengo yanayomgusa mwombaji: umri, tarehe ya mwisho, kumbukumbu namba ya kuandika kwenye barua. Aliye karibu na ofisi amwombe mtendaji wa kata ruhusa ya kuinua B na C, apige picha ya A peke yake. Ukizipata sehemu hizo, ziweke mahali pake na uandike kando kwamba zimetoka kwenye picha ya pili.