Barua ya malipo ya bima: mweleze mteja sahihi yake inafunga nini

Ukigeuza barua ya kampuni ya bima kuwa Kiswahili cha kawaida, anza na ile ya kukubali malipo. Wateja wengi huitia sahihi wakidhani ni risiti tu, kumbe wanafunga madai yao. Andika wazi, juu ya nafasi ya sahihi: “Ukitia sahihi, unakubali kwamba haya ndiyo malipo yote. Hutaweza kudai tena kwa hasara hii.”

Kisha onyesha hesabu. Tuseme hasara iliyokubaliwa ni 500,000 na mkataba unamtaka mteja abebe asilimia 10. Andika: “Hasara 500,000. Sehemu yako 50,000. Tutakulipa 450,000.” Bila mistari hiyo, atahisi amepunjwa.

Usilainishe sharti ili lisikike vizuri. Mwanasheria wa kampuni alipitie tena likiwa kwa Kiswahili. Halafu mpe mtu asiyefanya kazi ya bima aisome, umuulize: “Ukigundua kesho uharibifu mwingine wa ajali hiyohiyo, utafanyaje?” Akijibu kwamba atarudi kudai, barua bado haijaeleweka.