Kabla ya kuchora ramani ya mvua kwa IDW: vituo kwanza, kipeo baadaye

IDW hukadiria mvua ya mahali kwa wastani wa vituo, kilicho karibu kikipewa uzani mkubwa zaidi, na kipeo ndicho huamua uzani unapungua kwa kasi gani kadiri umbali unavyoongezeka. Kisanduku cha kipeo kwenye programu ya ramani mara nyingi huwa kimeshaandikwa 2. Kiache kwanza, urudi kwenye jedwali la vituo, maana makosa makubwa niliyowahi kuyaona yalianzia huko.

Tafuta sifuri za uongo. Sifuri ni kipimo: mvua haikunyesha. Siku ambayo kipimamvua hakikusomwa ni pengo, na pengo liachwe wazi. Tuseme unakadiria mvua ya mahali penye vituo vitatu jirani: kilomita 5 (milimita 60), kilomita 10 (milimita 30) na kilomita 20 (milimita 12). Kila kituo hupewa uzani w kwa umbali wake d na kipeo p:

```
w = 1 / d^p
```

Kwa kipeo cha 2, uzani ni 0.04, 0.01 na 0.0025, na makadirio ni milimita 52. Sasa kituo cha pili kikose msomaji na mtu aandike 0: utapata 46.3. Ukikiondoa kabisa, utapata 57.2. Ni zaidi ya milimita 10 kwa sababu ya seli moja, na ramani itatoka laini vilevile bila kukuonya.

Hakikisha pia kwamba umbali unapimwa kwa mita, kwa mfano katika mfumo wa ramani wa UTM. Ukitumia digrii, kadiri unavyokwenda mbali na ikweta ndivyo vituo vya mashariki na magharibi vinavyoonekana viko mbali kuliko vilivyo.

Sasa kipeo. Kwa vituo vilevile vitatu, kipeo cha 1 kinatoa 44.6 na cha 4 kinatoa 58.1. Kikiwa kidogo, kila mahali panavutwa kuelekea wastani wa vituo vyote. Kikiwa kikubwa, kituo cha karibu kinatawala na ramani inagawanyika vipande vyenye mipaka mikali. Usichague kwa macho. Ficha kituo kimoja, kikadirie kwa vilivyobaki, andika tofauti, kisha fanya hivyo kwa kila kituo, ukijaribu vipeo 1, 1.5, 2, 3 na 4. Chukua chenye kosa dogo, na viwili vikikaribiana sana mimi huchukua kilicho kidogo. Rudia jaribio ukihama kutoka jumla ya mwezi kwenda mvua ya siku moja, kwa kuwa mvua ya siku hunyesha kwa mabaka. Vituo vikiwa vimerundikana mjini, jaribio hili litakudanganya: kila kilichofichwa kina jirani mlangoni, wakati mashambani hakuna kitu.

Mwisho, angalia milima. IDW haiwezi kutoa thamani inayozidi kituo chenye mvua nyingi kuliko vyote. Kilele kisicho na kituo kitapewa mvua ya bondeni, hata ubadilishe kipeo vipi. Mimi huliwekea eneo hilo mistari ya tahadhari kwenye ramani kabla ya kumkabidhi mtu.