Sukari ikishuka, usimalize chupa ya juisi

Nina kisukari. Saa nane usiku nilizinduka nimelowa jasho, mikono inatetemeka. Mashine ya kupimia sukari ikasoma 3.2 mmol/L. Nikasimama mbele ya friji, nikanywa juisi ya nusu lita yote, nikafuatishia biskuti. Asubuhi nikakuta 16.1. Kwa hasira nikadunga insulini nyingi, na kabla ya saa tano nilikuwa nimeshuka tena.

Juisi nyingi za matunda zina gramu 10 hadi 12 za wanga katika mililita 100, hivyo nusu lita ile ilikuwa na gramu 55 hivi. Nilihitaji 15, ambazo kwa mtu mzima kwa kawaida hupandisha sukari kwa 2 au 3 mmol/L. Na ini nalo halikulala: sukari ikishuka, mwili hutoa homoni za glukagoni na adrenalini, ini likamwaga akiba yake juu ya juisi yangu.

Siku hizi nafanya hivi:

1. Napima. Ikiwa chini ya 3.9 (70 mg/dL), natibu. Mashine ikiwa mbali na dalili ni kali, natibu kwanza.

2. Nakunywa mililita 150 tu. Glasi yangu ina mstari niliouchora kwa rangi ya kucha, maana saa nane usiku hakuna anayekadiria vizuri. Chupa inarudi kwenye friji kabla sijaanza kunywa. Mtoto huhitaji pungufu; fuata kiasi alichopangiwa kliniki.

3. Naweka kengele ya dakika 15, nakaa. Hapa ndipo wengi tunaposhindwa. Sukari inaweza kuwa imeshapanda, lakini adrenalini bado iko kwenye damu, kwa hiyo moyo unadunda na njaa inakuambia umalize kila kilichomo jikoni. Njaa hiyo si kipimo.

4. Nanawa mikono, napima kidoleni. Juisi iliyoganda kwenye kidole hupandisha namba kwa uongo. Kihisi cha sukari cha ngozini nacho huchelewa, kinaweza kuonyesha bado uko chini wakati damu imeshapona. Nikiwa bado chini ya 3.9, narudia mililita 150 na kengele. Nikifika 4 au zaidi, juisi basi. Mlo ukiwa mbali zaidi ya saa moja, nakula kipande kimoja cha mkate.

5. Nikiwa nimeshazidisha, sidungi papo hapo. Nasubiri kama saa mbili, napima, nakumbuka insulini iliyobaki mwilini, ndipo nasahihisha kwa kiwango nilichopangiwa, bila kuongeza cha hasira.

Aliyezimia au asiyeweza kumeza asinyweshwe chochote, maana kinaweza kumwingia mapafuni. Mlaze ubavu, mpe dawa ya glukagoni kama ipo, ita msaada. Na anayemeza vidonge vya kisukari vya glibenklamidi aende hospitali hata akijisikia nafuu: dawa hiyo hukaa mwilini muda mrefu, na sukari inaweza kushuka tena saa kadhaa baadaye.