Kuchagua chupa na chuchu za mtoto duka likiwa na aina mbili tu

Mwongozo huu ni wa mama aliyeamua kutumia chupa, pengine anarudi kazini na anaacha maziwa aliyokamua. Kama dukani hakuna chupa ya kuaminika, usilazimishe: kikombe kidogo kisicho na mdomo mwembamba kinamlisha hata mtoto mchanga, na husafishika upesi.

1. Geuza chupa utazame chini. Tafuta pembetatu yenye namba 5 au herufi PP. Plastiki hiyo inavumilia kuchemshwa. Namba 7 ni kapu la plastiki mbalimbali, ikiwemo ile ngumu ya PC ambayo hutengenezwa kwa BPA, kemikali inayoweza kuingia kwenye maziwa. Isiyo na alama yoyote mimi huiacha. Chupa ya glasi ni nzuri, ila iwekwe kwenye maji baridi kabla ya kuwasha moto, isije ikapasuka. Chagua yenye mdomo mpana na umbo lililonyooka. Zile za umbo la dubu zinapendeza macho, lakini brashi haifiki kwenye kona zake.

2. Pima mtiririko. Namba kwenye chuchu hazilingani kati ya kampuni na kampuni, kwa hiyo jaribu mwenyewe. Tia maji, funga, pindua chupa bila kuibana. Kwa mtoto mchanga yanatakiwa yadondoke polepole, karibu tone moja kwa sekunde. Yakichuruzika mfululizo, ni ya kasi mno.

Kisha mtazame mtoto. Tuseme wa miezi miwili anamaliza chupa kwa dakika tano, anagugumia, anakohoa, na maziwa yanavuja pembeni mwa mdomo. Mpe chuchu ya polepole zaidi, mkalishe wima kidogo, chupa ilale karibu usawa, umpumzishe mara kwa mara. Lakini chuchu ikibonyea, naye akachoka na kusinzia maziwa yangali mengi, legeza kwanza kifuniko kidogo hewa ipite. Isiposaidia, tafuta chuchu ya kasi zaidi. Usitoboe kwa sindano ya moto kama wengi wanavyofanya: tundu huchanika, na kipande kinaweza kukatika mdomoni.

3. Chemsha. Tenganisha vipande vyote, osha kwa sabuni na brashi, suuza. Mafuta ya maziwa yakibaki, kuchemsha hakuyaondoi. Zamisha kila kitu, toa mapovu ya hewa, na uhesabu dakika 10 tangu maji yanapotokota. Acha vipoe sufuria ikiwa imefunikwa.

Chuchu za mpira wa kahawia huchakaa upesi kuliko za silikoni. Kila mara ivute: ikinata, ikivimba au ikiwa na ufa, itupe.

4. Chuchu ya kumtuliza mtoto. Nunua ya kipande kimoja, isiyo na maungio, yenye ngao pana kuliko mdomo na matundu ya hewa. Ivute kwa nguvu pande zote kabla ya kumpa. Usiifunge kwa kamba shingoni, wala usiichovye kwenye asali. Asali hairuhusiwi kabla ya mwaka mmoja.