Pima kinyesi kwanza, ndipo uchimbe shimo la biogesi

Wafugaji wengi wanaojenga mtambo wa biogesi hurudi kununua mkaa kabla mwaka haujaisha, kisha wanamlaumu fundi. Mara nyingi fundi hana kosa. Mtambo ulijengwa kwa hesabu ya ng'ombe, badala ya kinyesi kinachookotwa zizini. Ng'ombe akishinda malishoni, nusu ya kinyesi chake au zaidi hubaki huko huko.

Kaya moja niliyoitembelea ilikuwa na ng'ombe wanne. Walikadiria kilo 15 kwa kila mmoja, jumla 60, wakajenga mtambo wa mita za ujazo 8. Tulipopima asubuhi tukakuta kilo 22. Kilo moja ya kinyesi kibichi hutoa takribani lita 35 za gesi, kwa hiyo walikuwa wanapata kama lita 770 kwa siku. Jiko lao la plate moja lilitumia lita 300 kwa saa. Hiyo ni saa mbili na nusu za moto, na mapishi yao yanahitaji saa nne na nusu. Saa mbili zilizobaki ni za mkaa, na saruji ya mtambo mkubwa imeshaliwa.

Basi pima kwa siku saba mfululizo, tena kiangazi, majani yakiwa haba. Tumia mizani, usikadirie kwa macho! Kilo 22 za kinyesi na lita 22 za maji ni lita 44 kwa siku. Sehemu zenye joto, mchanganyiko huo unahitaji kukaa ndani siku 50 hivi, yaani lita 2,200. Ongeza nafasi ya gesi, na mtambo wa mita za ujazo 3 hadi 4 unatosha kwa kinyesi hicho. Wakitaka kuuacha mkaa kabisa, wafungie ng'ombe wawili bandani na kuwakatia majani, kisha wapime upya.

Kosa jingine hufuata hilo: gesi ikipungua, watu huongeza maji. Acheni! Maji hayatoi gesi. Uji ukiwa mwepesi mno, kinyesi huzama chini na kutoka kabla hakijaoza vizuri. Ndoo moja ya kinyesi kwa ndoo moja ya maji, kila siku, bila kuruka.

Kuhusu gharama, andika kila gunia la mkaa unalonunua kwa miezi mitatu, uligawe kwa saa za mapishi, ndipo ulinganishe na bei ya mtambo wenye ukubwa ulioupima. Mkaa ukikolea hauonekani kutoa moshi, lakini hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Jiko lake lisiwashwe wala kuachwa likiwaka ndani ya chumba kilichofungwa, hata wakati wa baridi.

Moto wa bluu usioacha masizi kwenye sufuria unaonyesha gesi ni nzuri.