Meseji ya siri kwenye grupu la familia: namna ya kuiandika hadithi fupi, hatua kwa hatua

Hadithi ya mwanamume aliyetuma meseji ya siri kwenye grupu la familia huanza vizuri karibu kila mara, kisha hufa ukurasa wa pili. Mwandishi anakuwa ameweka nguvu zote kwenye kidole kilichoteleza, na kidole kikishateleza hana tena la kusimulia isipokuwa watu kushangaa. Uhai wa kisa hiki uko kwenye kuifuta meseji. Kila njia ya kuifuta inamlazimisha mhusika kufanya jambo jingine, na kila jambo linamfunua zaidi ya meseji yenyewe. Mwongozo huu unafuata kisa kimoja tangu mwanzo hadi mwisho: Idrisa, anayeishi Buguruni, Dar es Salaam, na mama yake, Bi Mwanaidi, aliyeko Muheza. Urefu ni maneno 1,500 hivi, na muda wa hadithi yenyewe hauzidi dakika ishirini na tano.

Hatua ya 1: Andika meseji kabla ya kitu kingine chochote

Usianze na mhusika wala mandhari. Andika meseji yenyewe, neno kwa neno, kama itakavyosomeka kwenye kioo cha simu. Jaribio la kwanza la waandishi wengi ni tusi: "Mama yangu naye kazidi kuomba hela." Liache. Tusi ni hasira, na hasira huombewa radhi ikaisha. Unachohitaji ni uongo ambao radhi haiufuti. Meseji ya Idrisa kwa mkewe Zuhura ni hii:

"Mama akikupigia mwambie bado sijalipwa. Ile laki mbili tusiiguse."

Ni maneno tisa tu. Sentensi ya kwanza inamwonyesha mtu anayemficha mama yake, tena anayemwingiza mkewe kwenye uongo huo. Ya pili inaonyesha kwamba pesa ipo na ina kazi. Neno "tusiiguse" ndilo linalobeba huruma yote ya hadithi: mtu anayekula hela zake hasemi hivyo. Baadaye, kwa mstari mmoja tu, msomaji atajua kwamba laki mbili ni ada ya binti yao na shule inafunguliwa Jumatatu. Mama naye ameomba bati za jiko la uani kabla ya masika. Wote wawili wana haki. Ikiwa mmoja wao hana haki, rudi uandike meseji upya, kwa maana hakuna ufundi wa hatua zinazofuata utakaoiokoa.

Jaribu pia kuisoma meseji kama shemeji asiyejua lolote. Akihitaji maelezo ili aielewe, ni ndefu mno au imefumbwa mno.

Hatua ya 2: Toa sababu ya kosa

"Alikosea akatuma kwenye grupu" haitoshi. Msomaji naye anatumia simu, anajua makosa hutokeaje. Kwenye WhatsApp, orodha ya mazungumzo hupangwa kwa ujumbe uliofika mwisho: jipya hupanda juu, mengine hushuka. Zuhura yuko juu kabisa. Idrisa anapeleka kidole, na wakati huohuo mtu anaweka picha ya mtoto kwenye grupu. Grupu linaruka juu, Zuhura anashuka nafasi moja, kidole kinatua palepale kilipokusudia, lakini si kwake tena.

Sababu hii inaleta sharti moja: Zuhura asiwe amebanwa juu ya orodha, kwa sababu mazungumzo yaliyobanwa hayasogei. Yote haya yaandike kwa sentensi tatu, usizidishe.

Hatua ya 3: Punguza watu

Grupu linaitwa "Watoto wa Bi Mwanaidi". Lina watu kumi na saba, lakini kwenye hadithi wanaofanya jambo ni wanne tu.

Dada Rehema ndiye mkubwa, na ndiye admini peke yake. Idrisa hajaongea naye vizuri tangu arobaini ya baba yao. Mjomba Salehe yuko Maskati, simu yake imezimwa. Shani, mjukuu wa miaka kumi na miwili, anaishi na bibi. Wa nne ni Bi Mwanaidi mwenyewe, ambaye hasomi. Kila jioni baada ya chakula Shani humsomea meseji zote kwa sauti, moja baada ya nyingine, bila kuruka.

Mpangilio huu wa jioni uweke mapema, ndani ya maneno 300 ya kwanza, na uuweke kama jambo la kawaida. Kwa mfano: Idrisa anakumbuka wiki iliyopita alivyomwandikia Shani salamu kwa herufi kubwa ili asome bila kukwama. Msomaji apite hapo bila kushtuka. Meseji ikishatumwa, ataanza mwenyewe kuhesabu dakika zilizobaki kabla ya chakula kwisha Muheza, nawe hutakuwa na haja ya kumwambia kwamba kuna hatari.

Hatua ya 4: Mpe tumaini la uongo

Hapa ndipo penye utajiri, kwa hiyo tumia nafasi. Kwenye grupu, tiki ya pili haitokei mpaka ujumbe uwe umefika kwenye simu za watu wote. Simu moja ikiwa imezimwa, tiki inabaki moja ya kijivu, hata kama kumi na watano wengine wameshausoma. Mjomba Salehe amewekwa kwenye hadithi kwa kazi hii tu.

Idrisa anaona tiki moja. Anajiambia haijafika. Mpe karibu dakika nzima ya kuamini hivyo, kisha abonyeze meseji kwa muda na kufungua maelezo yake. Huko ndiko simu inakotaja nani amefikiwa na nani amesoma, kwa jina na saa. Andika hivi:

"Tiki ilikuwa moja. Aliitazama kama mtu anayetazama mlango aliosahau kuufunga, akaona umefungwa. Kisha akabonyeza, akashikilia, akafungua maelezo. Juu kabisa: Rehema, 20:13. Chini yake Shani, bado hajasoma, lakini imemfikia."

Kosa linalojirudia sana hapa ni kumfanya Idrisa ajipe moyo kwamba pengine Rehema amezima tiki za bluu. Mpangilio huo haufanyi kazi kwenye magrupu, kule kusoma huonekana siku zote. Msomaji anayelijua hilo atakuacha hapohapo.

Kuhusu saa, jambo dogo linalosaidia: kinachosomwa kwenye kioo kiandike kama kilivyo, 20:13. Kinachopita kichwani mwa Idrisa kiandike kwa saa zetu, saa mbili na dakika kumi na tatu. Kila msomaji wa Kiswahili hufanya hesabu hiyo siku nzima, na hapa hofu inampunguzia mtu kasi ya kuifanya.

Hatua ya 5: Mharibie njia ya kufuta

Idrisa akifuta vizuri, hadithi imekwisha. Kinachobaki ni alama kwamba ujumbe umefutwa, ndugu watauliza, yeye atasema alikosea. Ni kisa chepesi. Kinachokigeuza ni vitufe viwili vilivyokaa karibu: Delete for everyone na Delete for me. Mkono unatetemeka, Idrisa anabonyeza cha pili. Meseji inatoweka kwenye simu yake na kubaki kwenye simu za wengine wote. Chini ya kioo kinajitokeza kitufe cha Undo kwa sekunde tano. Yeye amefumba macho, anashusha pumzi. Anapoyafumbua, kitufe kimeondoka.

Sasa hana tena meseji ya kubonyeza. Hawezi kuifuta kwa wote, kwa sababu kwake haipo. Anayeweza ni admini wa grupu, na admini ni Rehema. Tena admini akifuta, grupu zima linaona kwamba ni yeye aliyefuta. Kwa hiyo Idrisa hamwombi dada yake abonyeze kitufe tu, anamwomba asimame naye kwenye uongo mbele ya ukoo. Hilo ndilo hadithi ilikuwa inalielekea tangu mstari wa kwanza.

Kagua mwaka wa kisa chako. Kufuta kwa wote kulianza mwishoni mwa 2017, na wakati ule ulikuwa na dakika saba tu. Mwaka uliofuata muda ukaongezwa kupita saa moja, na tangu Agosti 2022 ni zaidi ya siku mbili. Uwezo wa admini kufuta meseji ya mwingine pia ni wa 2022, na Undo ilifika mwishoni mwa mwaka huo. Ukiiweka hadithi mwaka 2019, njia ya Rehema haipo, nawe utahitaji kisa kingine kabisa.

Hatua ya 6: Andika mazungumzo na Rehema

Yafanye mafupi, yafuate heshima ya nyumbani hata katikati ya hofu. Idrisa hawezi kuanza na ombi. Mdogo humwamkia mkubwa kwanza. Kuchelewa huko kwa salamu ndiko kunakomsokota msomaji:

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umelipwa lini?"

"Dada naomba uifute. Nitakueleza."

Rehema anaandika, anaacha, anaandika tena. Kisha:

"Shani ameshashika simu. Wameshakula."

Usimpe Rehema hotuba. Swali lake la "umelipwa lini" linatosha, maana linaonyesha amesoma, ameelewa, na ana lake moyoni. Waandishi wengi hapa humwingiza Zuhura aje kugomba. Mwache Zuhura jikoni mpaka mwisho. Meseji ilikuwa yake na hajaipata, na ni vizuri akibaki hivyo.

Hatua ya 7: Simama kabla ya jibu

Bi Mwanaidi haandiki, kwa hiyo jibu lake litakuja kwa sauti. Lisije kwenye grupu. Lije kwa Idrisa peke yake, kutoka simu ya Shani: ujumbe wa sauti wa sekunde tisa. Sekunde tisa zinatosha kusamehe, na zinatosha pia kulaani, msomaji ataupima urefu huo mwenyewe. Ukiandika dakika mbili, amejua tayari kwamba mama analia.

Zingatia kwamba ujumbe wa sauti ukisikilizwa, alama ya kipaza sauti hugeuka bluu upande wa aliyetuma, hata kama msikilizaji amezima tiki za bluu. Idrisa hawezi kusikiliza kwa siri. Kule Muheza, Shani ataona rangi ikigeuka, atamwambia bibi: amesikia. Kwa hiyo kubonyeza ni sawa na kuingia chumbani kwa mama.

Aya ya mwisho iwe na vitu hivi tu: kioo, sekunde tisa, kidole. Pamoja navyo sauti moja ya nje, na chaguo zuri ni Zuhura akiita kutoka jikoni kuuliza kama mama amepiga. Jibu la Idrisa lisiandikwe.

Ukimaliza, soma rasimu kwa sauti huku saa iko mbele yako. Kuanzia pale meseji inapotumwa hadi mwisho isizidi dakika nane za kusoma. Ikizidi, tafuta Hatua ya 4 na ya 6 kwanza: huko ndiko maelezo ya ziada hujificha, hasa sentensi zinazoanza na "alijua kwamba".