Kumfuata mfalme kwenye safu ya h: mfano wa Karpov na Korchnoi, 1974

Weka ubao uufuate. Huu ni mchezo wa pili wa fainali ya wagombea kule Moscow, Karpov akiwa na Nyeupe dhidi ya Ulinzi wa Sisilia, tawi la Joka.

```
1.e4 c5 2.Nf3 d6 3.d4 cxd4 4.Nxd4 Nf6
5.Nc3 g6 6.Be3 Bg7 7.f3 Nc6 8.Qd2 O-O
9.Bc4 Bd7 10.h4 Rc8 11.Bb3 Ne5
12.O-O-O Nc4 13.Bxc4 Rxc4
```

Wafalme wamejificha pande tofauti, kwa hiyo Nyeupe anaweza kusukuma vitunda vya g na h bila kumvua nguo mfalme wake mwenyewe. Kitunda cha Nyeusi kilichopanda g6 ndicho cha kugongwa.

1. Fungua safu. 14.h5 Nxh5 15.g4 Nf6. Umetoa kitunda kimoja, ngome yako ya h1 sasa inatazama h7 moja kwa moja.

2. Ziba kwako kwanza. 16.Nde2! Hapa wengi huharakisha mashambulizi na kuumia. Nyeusi anangoja kutoa ngome kwa Rxc3. Ukilazimika kula kwa kitunda cha b, ukuta wa mfalme wako umebomoka. Farasi akiwa e2, unakula kwa farasi.

3. Ondoa askofu mlinzi. 16...Qa5 17.Bh6 Bxh6 18.Qxh6 Rfc8 19.Rd3. Bila askofu wa g7, anayelinda h7 ni farasi wa f6 tu, pamoja na mfalme. Ngome ya d3 inailinda c3, na farasi wa e2 anakuwa huru.

4. Vuta walinzi. Nyeusi alicheza 19...R4c5 ili kuibana d5, maana farasi wako akifika hapo atamgonga yule wa f6. Jibu ni kafara ya kitunda, kisha kubadilishana ngome: 20.g5! Rxg5 21.Rd5! Rxd5 22.Nxd5 Re8.

5. Usile mapema. 23.Nef4 Bc6. Mkono unawasha kucheza 24.Nxf6+ exf6 25.Nh5, ukitishia mati g7. Lakini angalia malkia wa a5: mstari wa 5 uko wazi, naye anaruka 25...Qg5+, shaha, kisha malkia wanabadilishana na shambulio limekwisha. Ndiyo maana Karpov alicheza 24.e5!, kitunda kikaufunga mstari huo. Sasa 24...dxe5 inajibiwa na 25.Nxf6+ exf6 26.Nh5, na malkia hana njia, 26...gxh5 inaleta 27.Rg1+ na mati g7.

Korchnoi alijaribu 24...Bxd5 25.exf6 exf6 26.Qxh7+ Kf8 27.Qh8+ akajiuzulu: baada ya 27...Ke7 28.Nxd5+ Qxd5 29.Re1+ anapoteza ngome.